Pete na Mbu wa Sneya

Jina lake halisi lilijulikana na watu wawili tu: mama yake, na karani aliyemwandikia kitambulisho, na huyo karani alilikosea. Wengine wote walimwita Pete. Usikimbilie kufikiri ni mambo ya ndoa. Kidoleni hakuwa na kitu. Mke alikwishaondoka zamani, akisema amechoka kuishi na mwanamume anayegonga kila sufuria kwa kidole na kutega sikio kabla ya kuiweka jikoni.

Jina lilitokana na kazi. Ngozi za drams, zile ngoma za bendi, siku hizi si ngozi, ni plastiki, ila wapigaji bado wanaziita ngozi kwa heshima ya mbuzi. Zikichakaa, watu wanazitupa. Yeye aliziokota, akazichora duara kwa kifuniko cha sufuria (mke alikuwa na haki ya kuondoka), akakata kwa wembe, akabaki na pete nyembamba yenye upana wa vidole viwili. Pete hiyo ukiilaza juu ya ngoma, pembeni kabisa, inakaba ule mlio mwembamba unaobaki hewani baada ya pigo. Unajua mlio wenyewe. Fimbo imeshanyanyuka, pigo limeshakwisha, lakini kuna kitu bado kinasema ngiiii. Pete aliuita mbu.

"Chumba kina mbu," angesema, na wote wangenyamaza, hata waliokuwa hawasikii kitu. Hasa hao.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia katika studio moja ya kurekodi muziki, ghorofa ya chini ya jengo lililokuwa zamani ghala la rangi. Sakafuni bado kulikuwa na madoa ya buluu ambayo hakuna zulia lililoweza kuyafunika yote. Kazi yake ilikuwa moja: kuziweka drams sawa kabla maiki haijasimama hata moja. Alikuwa na sababu, na aliitoa hata kwa asiyemuuliza.

"Sikio la mtu liko mbali, lina huruma," alisema. "Maiki inakaa vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Haina huruma. Mbu ambaye wewe humsikii, yenyewe inamwona kama tembo. Na mkishasimamisha vile vyuma vyenu, mkono wangu utapita wapi na ufunguo wa kukazia skrubu?"

Hapo alikuwa na haki kabisa. Tatizo la Pete halikuwahi kuwa kukosea. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakukosea kwa miaka mingi mfululizo, na jambo hilo linamharibu mtu kuliko pombe.

Kwa hiyo alikuwa na sheria. Akiwa kazini, hakuna anayegusa ngoma, na hakuna anayesema. Mwenye drams anakaa kwenye kiti cha pembeni kama mzazi aliyeleta mtoto hospitali. Miaka sita iliyopita mzazi mmoja alithubutu kufungua mdomo. Alikuwa mdogo wake mwenyewe, tumbo moja, mpiga drams anayesifiwa mji mzima.

"Kaka," alisema siku hiyo, mbele ya bendi yake yote, "nasikia kama ni tomu, ile ndogo ya pembeni, ndiyo inavuma."

Pete hakugeuka hata shingo. "Wewe piga. Kusikia ni kazi yangu."

Bendi ikacheka. Pete akaona kicheko ni kitamu, akaongeza. Akaichukua sneya ya mdogo wake, ile ngoma bapa ya katikati yenye nyaya chini, mwili wake chuma chembamba kinachong'aa, akaigeuza geuza mkononi. "Na hili kopo la maziwa umelitoa wapi?"

Wakacheka zaidi. Mdogo wake alilitia kopo lake kwenye begi, akaondoka, na tangu hapo hawakuongea. Ni miaka sita. Mama yao alikuwa akipokea habari za mmoja na kuzipeleka kwa mwingine kama posta.

Sasa, mwaka huo mambo ya studio yalikuwa yamebadilika. Yule mzee aliyeianzisha alikuwa amefariki, na binti yake ndiye aliyeshika usukani. Bosi huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa. Mara mbili mfululizo Pete alikuwa amechelewesha kurekodi hadi mchana, wanamuziki wamelala kwenye viti, akitafuta mbu ambaye fundi mitambo aliyekaa nyuma ya kioo aliapa kwamba hayupo.

Bosi alimwita ofisini, akamwambia bila kupandisha sauti. "Jumatatu inakuja bendi ya mdogo wako. Saa nne kamili maiki zinasimama. Zikisimama na drams bado zinavuma, tutatumia sauti za kwenye kompyuta, na sitakuwa tena na sababu ya kuwa na fundi wa drams. Nimeeleweka?"

"Saa nne nitakuwa nakunywa chai," alisema Pete.

"Natumaini hivyo, mzee wangu. Natumaini kweli."

Asubuhi ya Jumatatu mama yake alimsimamisha mlangoni. Alikuwa bibi wa miaka themanini kasoro, mfupi, na alimshika mwanawe kifungo cha shati kama vile anazuia gari.

"Mdogo wako anakuja leo."

"Najua, mama."

"Akikuamkia, itikia."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima ndiye asiyeitikia. Watoto wanaitikia."

Saa mbili kasoro alikuwa studio. Alianza na tomu, zile ngoma mbili zinazosimama pembeni, ndogo na kubwa. Alizivalisha ngozi mpya juu na chini. Akakaza skrubu zote kwa vidole hadi zikagoma, kisha akashika ufunguo, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko upande wa pili unaotazamana, kama mtu anayefunga tairi la gari, ili ngozi isivutwe upande mmoja. Kisha akaweka ncha ya kidole katikati ya ngozi, taratibu, na kwa mkono wa pili akagonga karibu na kila skrubu. Tu. Tu. To. Hapo penye "to" pamelegea, robo mzunguko. Tu. Alizunguka hivyo mpaka skrubu zote zikasema neno moja. Ngozi ya chini akaipandisha kidogo kuliko ya juu, ngoma iseme kwa ufupi na kuondoka. Tomu ndogo ilitoka nzuri mno. Aliigonga mara tatu zaidi ya ilivyohitajika, kwa starehe tu.

Kiki, ile ngoma kubwa ya mguuni, aliilazia blanketi ndani, liguse ngozi ya mbele na ya nyuma kidogo tu. Kuna watu wanaishindilia mito mpaka inakuwa godoro. Pete aliwaita watu hao wauza vitanda.

Saa tatu kasoro mdogo wake akaingia. Alikuwa amenenepa kidogo na kuota mvi masikioni, akiwa na fimbo mkononi na lile begi begani.

"Shikamoo, kaka."

Pete alikuwa ameinama kwenye skrubu ambayo ilikwishakaa sawa dakika kumi nyuma. "Marahaba."

Aliitikia. Mama hangekuwa na la kusema.

Mdogo mtu alifungua begi, akaitoa sneya yake, ile ile ya chuma, akaiweka juu ya stendi katikati ya drams nyingine. Kisha bila kuambiwa akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni, fimbo mapajani.

Pete aliitazama kwanza kwa macho, na kwa macho tu alikwishaihukumu. Akaipiga mara moja. Pa! Na nyuma yake, mwembamba, mrefu, bila aibu: ngiiiiii.

"Bado una kopo lako," alisema.



Akalegeza nyaya za chini zisimsumbue, akapita kila skrubu kwa kidole. Ya sita ilikuwa imelegea. Ngozi ilikuwa inasema maneno mawili. Pete alitabasamu kama daktari aliyekuta jino bovu. Akaivuta ikaja juu, akalinganisha zote, ngozi ya chini nayo akaipitia, akarudisha nyaya, akapiga.

Ngoma ilinenepa sauti. Sifa hiyo lazima apewe. Lakini mbu alikuwepo. Tena sasa alikuwa mmoja, msafi, anayejulikana.

Akaibeba sneya, akaenda nayo stoo, chumba chenye maboksi na nyaya zilizokunjwa, akaiweka juu ya stendi ya akiba na kuipiga. Pa. Kimya. Akarudia kwa nguvu. Pa! Mvumo kidogo, wa kawaida, kisha kimya. Mbu hayupo!

Akarudi nayo kifua mbele, akaipachika mahali pake, akapiga.

Ngiiiiii.

Hapa, wewe unayesoma, pengine umeshainua mkono kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Ngoma iliyonyamaza stoo inalia ikiwa katikati ya wenzake. Mtu yeyote angejiuliza kuhusu hao wenzake. Pete mwenyewe, angekuwa anatengeneza sneya ya mtu mwingine, angejiuliza kabla hajafika mlangoni. Lakini wenzake walikuwa tomu alizozifunga mwenyewe asubuhi ile, kwa mkono wake, na tomu ndogo ilikuwa imetoka nzuri mno. Na sneya ilikuwa kopo. Alikwisha kusema ni kopo, mbele ya watu, miaka sita iliyopita.

"Lina kiburi," alisema. "Stoo linajifanya mtoto mzuri."

Mdogo wake alifungua mdomo. Akaangalia fimbo zake. Akaufunga.

Ikabidi kuingia kwenye kukaba. Hapo napo Pete alikuwa na adabu yake: unaanza na kidogo kabisa. Alikata kipande cha tepu ya kitambaa urefu wa kidole, akakikunja katikati kisimame kama kipepeo, akakibandika karibu na ukingo, mahali fimbo haifiki. Tepu ya namna hiyo inakata ncha ya mlio, mwili wa ngoma unabaki. Akapiga. Mbu akaendelea na safari yake kama hakuambiwa kitu.

Kipepeo cha pili, upande wa pili. Mbu.

Akang'oa vyote, akatoa kwenye mkoba wake pete, moja ya zile nzuri alizokata kwenye ngozi nene. Akailaza. Sneya ikawa fupi, kavu, kama mtu anayekataa mwaliko. Lakini mbu sasa alisikika vizuri zaidi, maana sauti iliyokuwa inamfunika ilikuwa imepungua.

Kule nyuma ya kioo fundi mitambo, kijana mwenye ndevu chache na subira nyingi, alibonyeza kitufe akaongea kwa spika. "Mzee Pete, saa tatu na nusu."

"Nina saa yangu."

Akaweka kipande cha sponji juu ya pete. Akaweka karatasi laini iliyokunjwa, akaibana kwa tepu. Akapiga, sauti ikatoka kama mtu anayegonga mlango wa kabati. Alijua anachofanya ni kibaya. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwakemea watu kwa jambo hilo hilo: ukiona unaongeza tepu ya tatu, acha tepu, rudi kwenye ufunguo, kitu kiko mahali pengine. Maneno hayo alikuwa nayo kichwani, kwa sauti yake mwenyewe. Aliyasikia, akaongeza tepu ya nne.

"Kaka," alisema mdogo wake.

Pete aliinua kidole kimoja, bila kugeuka. Sheria ni sheria.

Na mdogo wake, ambaye miaka yote alikuwa mtoto mtiifu wa nyumba ile, alinyamaza.

Saa nne kamili Bosi aliingia mwenyewe. Nyuma yake fundi mitambo alibeba stendi mbili kwapani na mkoba wa maiki. Bosi alisimama juu ya doa la buluu, akaitazama sneya iliyofungwa bandeji kama mguu uliovunjika.

"Ipige, mzee wangu."

Pete aliipiga. Kabati. Ngiiiii.

Bosi hakuwa na sikio la ufundi, lakini alisikia. Hata madoa ya sakafuni yalisikia.

"Ni ngoma yenyewe," alisema Pete. "Ngoma mbovu. Hakuna fundi duniani anayeweza..."

Kiti cha pembeni kilikwaruza sakafu. Mdogo wake alikuwa amesimama. Alikuja polepole, akapita kati ya kaka yake na drams, akaanza kubandua tepu kwenye sneya. Moja. Nyingine. Karatasi. Sponji. Pete ya plastiki aliishika kwa vidole viwili, akaiweka juu ya kiti kwa heshima, kama kofia ya mtu. Ngozi ikabaki uchi.

Kisha akafungua kiganja, akakilaza juu ya tomu ndogo.

Akaipiga sneya kwa fimbo ya mkono wa pili.

Pa!

Sauti ilifika ukutani na kurudi, nene, yenye mwili, ikakaa kidogo, ikaondoka. Kimya. Akainua kiganja kutoka kwenye tomu, akapiga tena. Ngiiiii. Akakirudisha. Kimya.

Hakuhitaji kueleza, lakini fundi mitambo hajui kunyamaza. "Aaah! Tomu imefungwa sauti moja na sneya! Sneya ikipigwa, tomu inaitikia!"

"Inaitikia," alisema mdogo mtu.

Alichomoa ufunguo mfukoni mwake. Wa kwake mwenyewe. Miaka sita alikuwa na ufunguo wake, na alikuwa anajua kuutumia. Akapiga goti, akaingiza mkono chini ya tomu ndogo, akazunguka skrubu za ngozi ya chini, robo robo, moja na ile inayotazamana nayo. Alikuwa anafanya vile vile alivyofanya Pete. Ni Pete aliyemfundisha, uani, juu ya ndoo za plastiki. Akasimama, akapiga sneya bila kushika kitu. Kulikuwa na mvumo kidogo sana mwishoni. Akatazama kwenye kiti, akaikata pete kipande kidogo kwa kiwembe cha Pete, nyembamba kama kucha, akakiegesha pembeni kwa tepu. Akapiga.

Ilikuwa sneya nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa katika chumba kile. Pete alijua. Skrubu ya sita alikuwa ameikaza yeye.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika saba.

"Ulijua," alisema Pete. Sauti ilitoka ndogo.

"Tangu pigo la kwanza."

"Na ukakaa pale?"

Mdogo wake alikuwa anapangusa gundi ya tepu kwenye kidole gumba. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Kusikia ni kazi yako, kaka. Mimi napiga."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo tofauti ya siku hiyo na ile.

Bosi alitazama saa, akamtazama mpiga drams, akamtazama Pete, na ungeweza kuona hesabu ikifanyika usoni pake, hesabu nyepesi kabisa. "Simamisha maiki," alimwambia fundi mitambo. "Tunatumia drams zenyewe. Hatuhitaji kompyuta." Kisha akamgeukia Pete, akashusha sauti, na kwa kushusha sauti akaonyesha kwamba anamheshimu, na ndiyo maana iliuma. "Mzee wangu, mpigaji ameziweka sawa mwenyewe kwa dakika saba. Unaona nilipo. Njoo ofisini kabla hujaondoka."

Stendi zilianza kufunguliwa. Maiki ya kwanza ilishushwa hadi vidole viwili juu ya sneya, pale pale angeiweka yeye. Pete alikusanya vitu vyake: wembe, tepu, sponji. Pete iliyokatwa aliiacha kitini. Mdogo wake alikuwa ameshakaa nyuma ya drams, anarekebisha urefu wa kiti, mgongo ukimwelekea, na shingoni alikuwa na kovu lile la tangu utoto, la siku walipogombania ndoo.

Pete alisubiri kidogo mlangoni. Alikuwa na neno. Lilikuwa fupi, la kuomba radhi, na mtu yeyote wa rika lolote angeweza kulisema. Lakini taa nyekundu juu ya mlango ikawaka, maana yake wanarekodi, na taa ile ikiwaka hakuna anayeruhusiwa kutoa sauti. Sheria hiyo pia alikuwa ameiweka yeye.

Akavuta mlango taratibu. Ukutani, upande wa korido, aliwasikia wakianza. Drams zilikuwa safi. Alisimama mpaka wimbo ukaisha, akitafuta mbu kwa bidii zake zote, na hakumpata.

Nyumbani mama yake alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua kichwa.

"Alikuamkia?"

"Aliniamkia."

"Ukaitikia?"

"Niliitikia, mama."

Vidole vya bibi vikasimama juu ya mchele. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya miaka sita. "Enhe! Akasema nini tena?"

Pete aliweka mkoba chini. Alikaa juu ya kigoda, akanyoosha kidole kwenye ukingo wa sinia kana kwamba anataka kuligonga, akakirudisha.

"Maneno yangu," alisema. "Alisema maneno yangu yale yale."